Kiwanda cha salfeti Ndola: faili moja, majibu matatu

Septemba 2024 nililetewa faili la Excel na kampuni moja ya Dar es Salaam inayofuma mifuko ya salfeti, ile mifuko myeupe ya kilo 50 ambayo wakulima hujazia mahindi. Walikuwa wakiuza Zambia kwa miaka kadhaa kupitia Tunduma, na sasa walitaka kwenda kufumia huko huko, Ndola, wawe karibu na wateja wa Copperbelt. Ombi lao kwangu lilikuwa dogo: niangalie kama fomula ziko sawa kabla bodi haijakaa.

Fomula zilikuwa sawa. Kila seli ilijumlisha ilichotakiwa kujumlisha. Tatizo lilikuwa kwamba juu ya mstari kulikuwa na sarafu moja na chini ya mstari nyingine, na hakuna fomula inayoweza kukupigia kelele kwa kosa la namna hiyo.

Jina la kampuni nitaliacha, na tarakimu nimezizungusha ili zisomeke kirahisi.

Mradi ulihitaji kwacha milioni 40: mashine ya kuyeyusha punje za plastiki na kuvuta nyuzi, mashine za kufuma za duara, za kukata na kushona, banda, na fedha za kuzungushia biashara. Wakati ule dola moja ilikuwa kwacha 26 na ushee, na shilingi za Tanzania zikipita 2,700 kidogo, kwa hiyo kwacha moja ilikuwa karibu shilingi 100. Tutumie 100 kamili. Mtaji basi ni shilingi bilioni 4.

Fedha ambazo mradi ungebakiza kila mwaka, baada ya kodi ya Zambia na baada ya kutoa faida ambayo Dar ingepoteza kwa kuacha kuuza mifuko yake kule, zilikadiriwa kwa bei za leo kuwa kwacha milioni 8 mwaka wa kwanza, kisha 11, 13, 14, na mwaka wa tano 14 nyingine pamoja na milioni 4 za kuuza mashine na kukusanya madeni. Kipengele cha kutoa faida ya mauzo ya zamani hakikuwemo awali. Niliwaomba wakiweke, na nitakipita haraka kwa sababu hakikuleta ubishi. Kilicholeta ubishi ni kilichofuata.

Mhasibu wao, dada makini sana, alikuwa amezipandisha zile kwacha kwa mfumuko wa bei wa Zambia. Hilo ni sahihi. Mfumuko wa Zambia wakati huo ulikuwa umepita asilimia 15 kidogo, na Benki Kuu yao ina lengo la asilimia 6 hadi 8, kwa hiyo alikadiria 15, 12, 10, 8 na 8. Milioni 8 za mwaka wa kwanza zikawa 9.2, na milioni 18 za mwaka wa tano zikawa 29.7. Kisha akazidisha kila mwaka kwa shilingi 100, na kuzirudisha fedha za miaka ijayo kwenye thamani ya leo kwa kuzipunguza kwa kiwango cha asilimia 16 kwa kila mwaka wa kusubiri, ambayo ndiyo gharama ya mtaji ya kampuni pale Dar. Thamani ya sasa ya mapato ikatoka shilingi milioni 5,625. Toa mtaji wa 4,000, mradi unaongeza utajiri wa wenye kampuni kwa milioni 1,625. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kutafuta nyumba ya meneja Ndola.

Nilimwomba yule dada tuache jedwali kidogo tuuangalie mfuko mmoja.

Mfuko wa salfeti tuseme unauzwa Ndola kwacha 6, yaani shilingi 600, na Dar nao ni shilingi 600. Kwa mfumuko alioukadiria mwenyewe, mfuko wa Ndola mwaka wa tano utakuwa kwacha 9.92. Faili linasema kwacha bado ni shilingi 100, kwa hiyo mfuko huo ni shilingi 992. Sasa Dar je? Mfumuko wa Tanzania amekadiria asilimia 4 kwa mwaka, hivyo mfuko ule ule uliobaki Dar utakuwa shilingi 730. Faili linatuambia kwamba mwaka 2029 mfuko mmoja utauzwa 730 upande huu na 992 upande ule, na wafanyabiashara wa Tunduma watakaa wakiangalia tu.

Alicheka, maana anawajua wafanyabiashara wa Tunduma. Watajaza malori. Watapeleka mifuko Nakonde, watarudi na kwacha, watazitupa sokoni kutafuta shilingi na dola, na wataendelea hadi ama bei ya mfuko Ndola ishuke, ama kwacha ishuke. Mfumuko unapokuwa wa nchi nzima, kwacha ndiyo inayoshuka. Ukiupa mradi bei zinazopanda kwa mfumuko wa Zambia huku umeipigilia kwacha msumari pale pale, umejitengenezea faida ambayo haipo popote isipokuwa kwenye kompyuta yako.

Kanuni ya kukadiria kiwango cha kubadilisha fedha inatoka moja kwa moja kwenye hoja hiyo ya malori. Kila mwaka unachukua kiwango cha mwaka uliotangulia, unakizidisha kwa mfumuko wa kwako na kukigawa kwa mfumuko wa kwao:

```
e1 = e0 * (1 + mfumuko_TZ) / (1 + mfumuko_ZM)
   = 100 * 1.04 / 1.15
   = 90.4
```

Ukiendelea hivyo unapata 84.0 mwaka wa pili, 79.4 wa tatu, 76.5 wa nne na 73.6 wa tano. Zidisha kwacha 9.92 za ule mfuko kwa 73.6 na uone: shilingi 730, sawa na wa Dar. Malori yametulia.

Jedwali likawa hivi:

| Mwaka | Kwacha (milioni) | Shilingi kwa kwacha 1 | Shilingi (milioni) |
|---|---|---|---|
| 1 | 9.2 | 90.4 | 832 |
| 2 | 14.2 | 84.0 | 1,190 |
| 3 | 18.4 | 79.4 | 1,462 |
| 4 | 21.4 | 76.5 | 1,638 |
| 5 | 29.7 | 73.6 | 2,190 |

Kwa kiwango kile kile cha punguzo cha asilimia 16, thamani ya sasa inashuka kutoka 5,625 hadi 4,485. Milioni 1,140 zimeyeyuka, na hatujagusa hata mfuko mmoja wa mauzo.

Hapo ndipo afisa mikopo wa benki yao alipoingia na jibu la pili. Naye alikuwa ameliona kosa la shilingi 100, akalirekebisha kwa viwango vinavyoshuka kama hivi vyetu. Lakini akaongeza lake. Alisema mradi uko Zambia, na mikopo Lusaka wametajiwa asilimia 30, basi punguzo liwe 30. Akapata thamani ya sasa ya 3,173, yaani hasara ya milioni 827, akaandika kwa wino mwekundu "haufai".

Kosa lake ni gumu kuliona kwa sababu linafanana na tahadhari. Asilimia 30 ya Lusaka ni bei ya kwacha. Mkopeshaji wa Lusaka anadai 30 kwa sababu anajua kwacha atakazorudishiwa mwakani zitanunua vitu vichache kuliko alizotoa leo; sehemu kubwa ya riba ile ni fidia ya mfumuko. Ukishazigeuza fedha kuwa shilingi kwa kiwango kinachoshuka, umeshaulipia mfumuko wa Zambia mara moja, kule juu kwenye kiwango. Ukipunguza tena kwa asilimia 30 unaulipia mara ya pili. Shilingi hazina kosa. Usiziadhibu kwa dhambi ya kwacha.

Ziko njia mbili zilizo halali, na mtu achague moja. Ya kwanza ni kugeuza kila mwaka kuwa shilingi kwa kiwango kilichokadiriwa, halafu kupunguza kwa kiwango cha shilingi. Ya pili ni kubaki na kwacha hadi mwisho, kupunguza kwa kiwango cha kwacha, na kugeuza jumla kwa kiwango cha leo, 100, mara moja tu. Zikifanywa vizuri zinatoa jibu moja. Zisipotoa, kuna mahali umechanganya.

Ila ili njia ya pili itoke sawa, kiwango cha kwacha hukiokoti kwenye tangazo la benki. Unakijenga kutoka kwenye kile cha shilingi kwa uwiano ule ule wa mfumuko. Kama mradi huu unastahili asilimia 19 kwa shilingi (nitaeleza hiyo 19 imetoka wapi), basi kwa kwacha mwaka wa kwanza ni 1.19 mara 1.15 gawanya kwa 1.04, ambayo ni asilimia 31.6. Mwaka wa pili ni 28.2, wa tatu 25.9, wa nne na wa tano 23.6. Ona kwamba haibaki pale pale. Mfumuko ukikadiriwa kushuka, punguzo la kwacha lazima lishuke nao. Wengi wanaotumia njia ya pili huweka 31.6 miaka yote mitano, kisha wanashangaa kwa nini njia zao mbili zinapishana.

Tulizifanya zote mbili pale mezani. Kwa shilingi, kwa asilimia 19, thamani ya sasa ni 4,142. Kwa kwacha, kwa viwango vile vinavyoshuka, ni kwacha milioni 41.4, ukizidisha kwa 100 unarudi pale pale. Nilimwomba dada aweke seli moja chini kabisa ya jedwali inayotoa njia moja kwenye nyingine, na aipange igeuke nyekundu tofauti ikizidi milioni moja. Seli hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote niliyoifanya kwenye faili lile. Mtu akibadili mfumuko mahali pamoja na kusahau pengine, seli inamsema.

Sasa kiwango chenyewe. Asilimia 16 ya kampuni ilitengenezwa hivi: asilimia 60 ya mtaji ni ya wenye kampuni, ambao wanataka 20 kwa fedha yao, 40 ni mkopo wa benki wa asilimia 15, ambao kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 unabaki kuwagharimu 10.5. Changanya, unapata 16 na kidogo. Hakuna ubaya. Lakini hiyo ni gharama ya mtaji ya kampuni inayofuma mifuko Dar na kuuza kwa wateja mchanganyiko. Mwenye fedha anayeombwa aipeleke Ndola anaombwa kitu kingine. Kiwango cha punguzo ni cha mradi, hakimfuati mwenye mradi.

Mkurugenzi hakulipenda hilo. "Kijana, fedha ni zile zile, zimetoka mfuko ule ule."

Nikamwambia, "Mzee, ungemkopesha mdogo wako anayelima Mbarali na rafiki yake anayechimba dhahabu kwa riba moja kwa kuwa noti zimetoka mfuko mmoja?" Akanyamaza, kisha akasema mdogo wake wala hamkopeshi.

Tuliongeza pointi tatu. Mbili zilikuwa za nchi: Zambia ilishindwa kulipa riba ya hatifungani zake za dola Novemba 2020, na mpango wa kuzibadilisha ulikamilika 2024 tu, pia sehemu ya wanunuzi wa mifuko hutegemea fedha za serikali zinazonunulia mahindi, na malipo hayo yanaweza kuchelewa. Pointi moja ilikuwa ya ukame. Ndipo ikawa 19, na mradi ukawa na ziada ya milioni 142.

Sitajifanya kwamba zile pointi mbili zimepimwa kwa mizani ya dhahabu. Ni hukumu. Ndiyo maana nilipendelea kumwonyesha mkurugenzi kiwango ambacho ziada inakuwa sifuri: asilimia 20.3. Aliyeamini pointi tatu, mradi wake unapona. Aliyeamini tano, unakufa. Mtu wa biashara anaielewa lugha hiyo kuliko ubishi wa kama ni 18.7 au 19.2.

Kodi ya zuio ya gawio na ada za usimamizi nilizipita kwa sentensi moja kwenye ripoti: Tanzania na Zambia zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, mshauri wa kodi athibitishe kwa maandishi unavyotumika, na kiasi chochote kitakachokatwa mpakani kitoke kwenye mtiririko wa fedha kabla ya kupunguza. Kilicho muhimu kwa wenye kampuni ni fedha inayofika Dar, si inayolala kwenye akaunti ya Ndola.

Mtu anaweza kuuliza, na mjumbe mmoja wa bodi aliuliza, kwamba viwango hivi vya 90, 84, 79 nani amethibitisha. Hakuna. Hoja ya malori inafanya kazi polepole, na katikati sarafu hufanya inavyotaka. Kwacha ilikuwa zaidi ya 22 kwa dola katikati ya 2021, ikaimarika hadi karibu 16 ndani ya wiki chache baada ya uchaguzi wa Agosti mwaka ule, kisha ikapita 27 mwishoni mwa 2024. Mfumuko haukuruka namna hiyo.

Na sarafu ya upande wa pili nayo hucheza. Hakuna soko la maana la kwacha kwa shilingi moja kwa moja. Zote mbili hupitia dola, kwa hiyo unakadiria miguu miwili. Miezi mitatu baada ya kikao chetu, shilingi ya Tanzania ilipanda ghafla hadi karibu 2,400 kwa dola, na kwacha moja ikawa karibu shilingi 87, chini kuliko nilivyokadiria kwa mwaka mzima. Dada alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Kufikia miezi ya mwisho ya 2025 kwacha ilikuwa imepata nguvu, ikarudi juu ya 100. Hakunipigia tena.

Kwa hiyo viwango vile si ubashiri wa mwaka fulani. Ni namna ya kuhakikisha kwamba makadirio ya bei na makadirio ya sarafu yanatoka kwenye mdomo mmoja. Anayedhani kwacha itaimarika kuliko mfumuko unavyosema, aseme hivyo waziwazi na aiweke kama hali ya pembeni, lakini asiifiche ndani ya mradi wa mifuko. Akitaka kucheza kamari ya kwacha, kuna njia rahisi kuliko kununua mashine za kufuma.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo uwiano wa mfumuko haulioni kabisa, na hilo ndilo lililobadilisha uamuzi.

Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Zaidi ya nusu ya mahindi ya msimu ule ilipotea. Zambia hupata sehemu kubwa mno ya umeme wake kwenye maji, Kariba ikiwa moyo wake, na mwaka ule miji ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Sasa fikiria kiwanda cha salfeti ndani ya mwaka huo. Mahindi hakuna, kwa hiyo mifuko hainunuliwi. Umeme hakuna, na mashine ya kuvuta nyuzi si kitu cha kuzima na kuwasha: umeme ukikatika plastiki iliyoyeyuka inaganda ndani, mnatumia nusu siku kusafisha, au mnawasha jenereta na kuteketeza dizeli. Punje za plastiki zinanunuliwa kwa dola. Na kwacha inashuka kwa sababu zile zile, nchi inanunua mahindi na umeme nje huku migodi ya shaba nayo ikihangaika na umeme.

Mambo manne mabaya, chanzo kimoja. Faili lilikuwa na safu ya mauzo na safu ya kiwango cha fedha kama watu wasiojuana.

Tukaujenga mwaka wa ukame. Kama ukiangukia mwaka wa pili, badala ya kwacha milioni 11 za bei za leo zinabaki 3, na kwacha inakuwa asilimia 15 chini ya pale mfumuko unapoiweka, 71.4 badala ya 84.0. Shilingi milioni 1,190 zinakuwa 276. Kisha nikauliza hali hii hutokea mara ngapi. Hakuna aliyehitaji takwimu: meneja mauzo alikumbuka msimu wa 2015/16, wa 2018/19 na wa 2023/24 kwa jinsi oda zilivyokauka. Tulikubaliana mara moja katika miaka mitano, na mimi niliona hata hiyo ni huruma.

Kabla ya kuhesabu, ilibidi tutoe ile pointi moja ya ukame kwenye punguzo, likarudi 18. Ukame ukishauweka kwenye mtiririko wa fedha, kuuacha pia kwenye kiwango ni kosa lile lile la afisa mikopo kwa sura nyingine. Kwa 18, mradi bila ukame una ziada ya milioni 252. Halafu tukaweka uwezekano wa moja kwa tano katika kila mwaka kuanzia wa pili hadi wa tano. Hasara inayotarajiwa, kwa thamani ya sasa, ikatoka milioni 541. Ziada ikawa hasi 289.

Chumba kilipoa. Dada alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe zile namba zetu zilikuwa za mwaka mzuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Milioni 8, 11, 13, 14 hazikuwa wastani wa kinachotarajiwa. Zilikuwa picha ya Zambia mvua ikinyesha. Pointi moja kwenye punguzo haikuwa karibu na kutosha kuifidia picha hiyo. Ilikuwa imeondoa milioni 110 tu, wakati ukame wenyewe unagharimu 541. Nimeona hili mara nyingi: watu huongeza pointi moja au mbili kwa "hatari" na kujisikia wamemaliza, bila kujua pointi hizo ni shilingi ngapi.

Na ndiyo, afisa mikopo alikuwa amesema haufai, nasi tumefika kwenye haufai. Lakini hasi yake ya 827 haikumwambia mtu chochote cha kufanya. Ilimwambia mfumuko ni mbaya. Hasi 289 ilisema jambo mahususi: mnategemea mahindi mno.

Meneja mauzo ndiye aliyelishika hilo. Copperbelt hawajazi mahindi peke yake kwenye salfeti. Kuna mbolea, sukari, chakula cha mifugo, chokaa. Bei zake ni ndogo kuliko za msimu wa mahindi, lakini mikataba inaweza kuandikwa kwa mwaka mzima. Alikuwa tayari na barua za nia kutoka kwa wanunuzi wawili. Tulipodhani kwamba wateja hao wataufanya mwaka wa ukame ubakize kwacha milioni 8 badala ya 3, bila kuongeza chochote kwenye miaka mizuri, hasara inayotarajiwa ya ukame ilishuka kutoka 541 hadi 320. Ziada: hasi 68.

Suala la mkopo likaja hapo. Mkurugenzi alitaka kukopa Dar kwa asilimia 15 kwa sababu Lusaka ni 30, "mara mbili kamili". Nilimwonyesha kwamba 30 ya kwacha, ukiigeuza kwa uwiano ule ule, ni 1.30 mara 1.04 gawanya kwa 1.15: asilimia 17.6 ya shilingi kwa mwaka wa kwanza. Tofauti si pointi kumi na tano, ni mbili na nusu. Na mwaka wa ukame, kwacha ikianguka, deni la kwacha linaanguka nayo, wakati deni la shilingi linakusubiri Dar likiwa vile vile. Hatari yake ni kwamba mfumuko wa Zambia ukishuka haraka huku mkataba umefunga riba pale 30, mnabaki na mkopo ghali kweli kweli; kwa hiyo riba iwe ya kufuata soko. Mkopo wenyewe sikuuweka kwenye hesabu ya mradi. Punguzo limeshabeba gharama ya fedha, na ukiweka tena riba kwenye mtiririko umeilipa mara mbili. Uamuzi wa wapi pa kukopa unakuja baada ya kujua mradi wenyewe una thamani gani. Waliafikiana theluthi moja ya mtaji iwe kwacha.

Ikabaki hasi 68. Mkurugenzi aliiangalia kwa muda, akauliza milioni 68 za shilingi ni kwacha ngapi kwa bei ya leo. Dada akamjibu: laki sita na themanini elfu.

"Kwenye mashine za milioni ishirini na kitu?"

"Ndiyo, mzee."

Akavuta simu, akatafuta namba ya muuzaji wa mashine, akatoka nje kuzungumza. Aliporudi alisema ameomba wapunguze kwacha milioni moja na nusu, na kwamba mpaka wajibu, nyumba ya meneja isitafutwe.